Mali ya amana ikitoroshwa: dhana potofu na ukweli kuhusu ufuatiliaji na mnunuzi wa nia njema

Amana hapa ni mali ambayo mtu, mdhamini, anaishika kwa faida ya wengine, wanufaika.

Dhana: Fedha za amana zikishachanganyika na za mdhamini benki, hazifuatiliki tena.

Ekwiti, tawi la sheria linalolinda haki za wanufaika, haitafuti noti zilezile. Inafuatilia thamani, na penye mchanganyiko shaka huamuliwa dhidi ya mdhamini aliyeusababisha. Kesi ya Hallett ya 1880 nchini Uingereza ilikata kwamba mdhamini akitoa fedha kwenye akaunti ya mchanganyiko, anachukuliwa kuwa ametumia zake kwanza. Lakini vipi kama alianza kwa kununua hisa, kisha akatapanya kilichobaki? Kesi ya Oatway ya 1903 ilijibu: hawezi kujitetea kwamba hisa alizinunua kwa fedha zake. Wanufaika wanaruhusiwa kuzidai hisa hizo.

Kikomo kipo, na hapa ndipo madai mengi huanguka. Katika kesi ya James Roscoe (Bolton) dhidi ya Winder, iliyoripotiwa 1915, mnunuzi wa biashara alikusanya madeni ya kampuni ya kiasi cha pauni 455 na ushee, ambayo alipaswa kuyawasilisha kwa kampuni, akayaweka kwenye akaunti yake. Alitoa fedha mpaka zikabaki pauni 25 na shilingi 18. Baadaye aliweka fedha zake mwenyewe, na salio la mwisho likafika pauni 358. Kampuni ilitaka kushika salio hilo lote, ikapewa haki juu ya zile pauni 25 na shilingi 18 tu. Fedha zilizoingia baadaye hazikutokana na fedha za amana, na hazirithi nafasi yake isipokuwa aliyeziweka alikusudia kuirejesha amana.

Kwa hiyo salio la leo lisikudanganye. Omba taarifa za benki za kila siku, tangu fedha za amana zilipoingia hadi siku ya madai, kisha tafuta salio dogo kuliko yote katikati. Hilo ndilo dari la dai lako ndani ya akaunti hiyo. Ikiwa lilifika sifuri, geukia kila malipo yaliyotoka na uulize yalinunua nini.

Dhana: Aliyepokea mali bila kujua ni ya amana yuko salama.

Si hivyo, kama hakuitolea thamani. Kesi ya Diplock, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza 1948, inaonyesha wazi. Wasimamizi wa mirathi waligawa zaidi ya pauni 200,000 kwa taasisi za hisani, kumbe kifungu cha wosia kilikuwa batili. Taasisi hazikuwa na hila yoyote, lakini ndugu wa marehemu waliruhusiwa kuzifuatilia fedha mikononi mwao. Nia njema ilizisaidia taasisi kwa namna nyingine: fedha zilipochanganyika na zao, hasara iligawanywa kwa uwiano, na dai lilikwama pale fedha zilipotumika kukarabati majengo yao au kulipa madeni.

Dhana: Mnunuzi akisema "sikujua", kesi imekwisha.

Kinga yake ni kamili ikithibitika, kama kesi ya Pilcher dhidi ya Rawlins ya 1872 ilivyosema, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake. Aonyeshe kwamba alitoa thamani halisi, kwa uaminifu, akapata umiliki wa kisheria, bila taarifa ya haki za wanufaika. Aliyelipa lakini bado ana mkataba wa mauzo tu kwa kawaida hushindwa na mnufaika aliyemtangulia. Na taarifa si ile ya kuambiwa ana kwa ana peke yake. Kwenye ardhi, mnunuzi huhesabiwa kuwa anajua yale ambayo ukaguzi wa kawaida ungemwonyesha. Akikuta familia inaishi kwenye kiwanja na asiwaulize wanakaa kwa haki gani, amejifunga mwenyewe.

Nchini Kenya tahadhari inazidi, kwa sababu kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinahesabu amana, zikiwemo za kimila, kati ya haki zinazoibana ardhi hata zisipoandikwa kwenye rejista. Mahakama ya Juu ilizitambua amana hizo za kimila 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari. Upekuzi wa rejista pekee hautoshi. Mtu aende shambani.

Dhana: Mnunuzi akishinda, wanufaika wamepoteza kila kitu.

Wamepoteza ile mali, si thamani yake. Bei iliyolipwa iko kwa mdhamini, au ndani ya kitu alichokinunua nayo, na ufuatiliaji unaendelea huko. Hata mali yenyewe ikija kurudi mikononi mwa mdhamini aliyekiuka amana, kinga ya mnunuzi haimfuniki, na inashikwa tena na amana ileile.