Watoto 19 hawawezi kuzembea wote wakafika 576

Wiki kadhaa zilizopita niliisikia tena ile kauli kwamba watoto hukosa hesabu kwa uzembe, mara ya tatu muhula huu, na safari hii kutoka kwa mwalimu ninayemheshimu. Tumekaa chumba cha walimu, feni imekufa, mimi na bunda langu la karatasi za gredi ya 8. Akaniuliza kwa nini sijarudisha jaribio wakati nimeshasahihisha tangu Ijumaa. Nikamwambia bado naandaa kipindi cha kurudisha. Akacheka. "Kuandaa nini, mwalimu? Wape karatasi zao, shika chaki, pitia swali la 1 mpaka la 15, kipindi kimekwisha. Walikosa kwa uzembe tu."

Hapo kuna mambo mawili na yote yananiudhi. La kupitia maswali yote nitalimaliza haraka. Dakika 40 ukizigawa kwa maswali 15 hupati hata dakika tatu kwa swali. Aliyepata anapiga miayo, aliyekosa ananakili ubao, na ukimuuliza baadaye alikosea wapi atakwambia "swali la 9". Hajui zaidi ya hapo, kwa sababu alichonakili ni jibu lako, na kosa lake hakuna aliyeligusa.

La uzembe ndilo linaloninyima usingizi.

Swali la 9 lilikuwa hili: bei ya nguru sokoni imepunguzwa kwa asilimia 20, na sasa kilo moja ni shilingi 480. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi? Jibu ni 600. Darasa lina wanafunzi 46. Waliopata ni 14. Sasa tazama hao 32 waliobaki: 19 wameandika 576, sita wameandika 384, wanne wameandika 500, na watatu wameacha wazi. Mtoto mzembe huandika 690 leo na 60 kesho. Watoto 19 waliokaa madawati tofauti, wengine kona hii na wengine kona ile, hawawezi kuzembea wote wakaangukia 576. Hao wamefikiri, tena wamefikiri sawasawa hatua kwa hatua kutoka mahali pasipo sahihi: wamechukua asilimia 20 ya 480, ambayo ni 96, wakairudishia juu ya 480.

Wa 384 wamefanya jingine kabisa: wameona neno "imepunguzwa" wakapunguza tena. Wa 500 wameichukua asilimia 20 kama shilingi 20. Kwenye mwongozo wa kusahihisha hawa wote wanakaa kapu moja: sufuri, au alama moja ya njia ukiwa na huruma. Ndiyo maana orodha ya alama hainisaidii kupanga chochote. Inaniambia nani ameumia, haisemi anaumwa wapi.

Kwa hivyo nasahihisha swali kwa swali, si karatasi kwa karatasi. Swali la 1 kwa watoto wote 46, halafu naligeuza bunda naanza la 2. Pembeni nina karatasi tupu. Kila jibu la kosa linaloibuka naliandika, na likirudi naliwekea kijiti. Karatasi nane au tisa za mwanzo huenda polepole, baadaye unalijua jibu kabla hujalisoma. Hainichukui muda zaidi ya njia ya zamani, na wala sichanganyi kiwango cha huruma kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata wale wanaohesabu. Wanachukua swali lililokosewa na wengi zaidi. Kwangu hilo lilikuwa swali la 14, wamekosa 38. Lakini vijiti vilisema nini? Wameacha wazi 21, na waliobaki kila mtu ana jibu lake. Hakuna namba iliyopata hata vijiti vinne. Hilo si kosa la darasa, ni pengo, na la kwangu: ile mada niliikimbiza siku mbili kabla ya kufunga. Pengo linataka kufundishwa upya, kwa kipindi chake. Kipindi cha kurudisha jaribio nakiwekea swali ambalo watoto wengi wamekubaliana kukosea, maana hapo kuna wazo moja ninaloweza kulishika mkononi. Moja tu, mawili nikiwa na kipindi maradufu.

Andalio langu la siku ile lilikuwa na mistari michache, na mstari wa kwanza ulisema: karatasi zisitoke mkobani mpaka dakika ya 25. Ukizigawa mwanzo umeshapoteza darasa. Mtoto ataangalia alama yake, ataangalia ya jirani, halafu ataanza kujumlisha upya kutafuta alama uliyomdhulumu. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri zaidi kuliko waliopewa alama, hata waliopewa alama pamoja na maoni. Siwezi kuzificha alama kabisa. Mwalimu mkuu anazitaka, mzazi anazitaka, na mimi mwenyewe nikiwa mzazi huziuliza kabla ya salamu. Dakika 25 ndizo ninazoweza kuiba.

Nikaandika ubaoni 480 + 96 = 576, kwa mwandiko wangu. Nasisitiza mwandiko wangu. Miaka kadhaa nyuma niliinua karatasi ya mtoto mbele ya darasa nikiwa nimeziba jina kwa kidole, nikajiona mwerevu. Darasa zima likageuka kumtazama kabla sijafungua mdomo, maana mwandiko wa mwenzao wanaujua kuliko sura. Msichana yule hakuinua mkono mpaka muhula ukaisha.

Sikusema hili ni kosa. Niliwaambia: kuna mtu anasema nguru ilikuwa 576, mpunguzieni asilimia 20 tuone kama tunafika 480. Wakapiga hesabu kwa madaftari. Asilimia 20 ya 576 ni 115.20, inabaki 460.80. Kukawa kimya, kile kimya ninachokitaka. Kisha mvulana wa dirishani akasema kwa hasira kama aliyeibiwa: "Lakini mwalimu, si nimerudisha ile ile waliyopunguza?"

Sentensi hiyo ina thamani kuliko dakika zote za kupitia maswali. Ndiyo imani yenyewe ya wale 19, imesemwa kwa mdomo wa mwenyewe. Nikamuuliza: "Ile ile asilimia, sawa. Asilimia 20 ya pesa gani?" Akanyamaza. Akajibu msichana mmoja ambaye mamake ni mama karanga, mkaangaji wa samaki, na huwanunua kila alfajiri: "Muuzaji akikata bei, anakata kwenye ile ya kwanza. Hajui bado itakuwa mia nne themanini."

Hajui bado itakuwa 480. Miaka yote nimefundisha mada hii sijawahi kulisema wazi hivyo.

Baada ya hapo nikachora mstari mrefu nikaugawa vipande vitano sawa, kwa sababu asilimia 20 ni kipande kimoja katika vitano. Bei ya mwanzo ni vipande vyote. Nikafuta kimoja. Vinne vilivyobaki ndivyo 480, kwa hivyo kipande kimoja ni 120, na vitano ni 600. Wakafanya mawili ya namna hiyo wenyewe. Na wale 14 waliopata? Usiwaache wakilala, lakini usiwape hesabu zaidi za aina ile ile kama adhabu ya kujua. Niliwapa kazi hii: tungeni swali ambalo jibu lake sahihi ni 576. Inawabidi waone kwamba nguru ya 480 ikipanda asilimia 20 ndipo inafika 576. Yaani jibu la wenzao halikuwa upuuzi, lilikuwa jibu la swali jingine. Watano kati ya 14 walishindwa, jambo lililonitia shaka kama walijua au walikumbuka njia tu.

Dakika ya 25 karatasi zikatoka. Sikuandika majibu sahihi juu yake, nilitia nukta pembeni mwa mstari ambapo fikra imeacha njia. Kazi yao ilikuwa kurekebisha kuanzia kwenye nukta na kuandika sentensi moja inayoanza na "Nilidhani". Wengine waliandika "Nilidhani ni rahisi". Sawa, si kila mtego hushika samaki.

Bado sijajibu swali linaloniogopesha: je, nikiliweka kosa ubaoni kwa herufi kubwa, sitawapandikizia wale wa 384 na 500 kosa jipya wasilokuwa nalo? Sina uhakika. Ninachofanya ni kulipiga mstari mkubwa na kulifuta kabla ya kuchora vipande, lisikae ubaoni likajizoesha machoni.

Kipimo ni wiki mbili baadaye, si siku ile. Siku ile kila mtu anajua. Na swali la kupimia lazima namba zake zikufichulie fikra. Mwaka jana niliuliza nauli iliyopanda kwa asilimia 25 ikafika shilingi 100. Aliyetoa robo ya 100 anapata 75, aliyetoa shilingi 25 naye anapata 75, nami nimebaki kipofu. Safari hii nikaandika: nauli ya tuktuk imepanda kwa asilimia 25, sasa ni 200, ilikuwa ngapi? Anayeelewa anapata 160. Mwenye kosa la zamani anapata 150. Anayedhani asilimia ni shilingi anapata 175. Na aliyekariri ujanja wa kugawa kwa kilichobaki atagawa 200 kwa 0.75 apate 266 na ushei, bei ya zamani iliyo kubwa kuliko ya sasa wakati swali linasema imepanda.

Kati ya wale 19, mmoja hakuwepo. Waliopata 160 ni 11. Watatu wamerudi palepale, 150. Wanne wameandika 266, tena mmoja ameipigia mistari miwili chini kwa kujiamini. Hao wanne ni wangu. Karibu na mwisho wa kile kipindi mwanafunzi mmoja alisema "kumbe unagawa tu kwa 0.8", nami kwa furaha ya kuona saa inakwenda vizuri nikamwambia vizuri sana, nikaendelea.

Alhamisi nina dakika kumi nao kabla ya mapumziko. Nitaandika 266 ubaoni, kwa mwandiko wangu, niwaambie waipandishe kwa asilimia 25.