"Imefanikiwa" si habari: ujumbe wa asubuhi baada ya usawazishaji wa usiku

Kuna imani moja haitaki kufa: kwamba ukimwelekezea mhasibu ile barua pepe ambayo mfumo huituma wenyewe usiku, yenye neno SUCCESS juu na mistari arobaini chini yake, umeshampa taarifa. Hujampa kitu. SUCCESS inasema programu ilianza na ikamaliza bila kuanguka. Ikikuta faili tupu, ikanakili mistari sifuri, bado itaandika SUCCESS, na haitakuwa imesema uongo.

Tuchukue kampuni yenye vituo 14 vya mafuta, ambavyo mauzo yake huvutwa makao makuu saa 8 usiku. Asubuhi watu wawili wanasubiri: mhasibu anayelinganisha mauzo na fedha zilizopelekwa benki, na anayeagiza malori ya mafuta. Hakuna kati yao anayejali usawazishaji ulichukua dakika ngapi. Wanauliza: takwimu ninazoziona zimefika hadi lini, kituo gani hakimo, na nisifanye nini kwa sasa?

Hilo la "hadi lini" ndilo linaloharibiwa zaidi. Seva nyingi zinatumia saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi ya saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano inaandikwa 23:00, tena kwa tarehe ya Jumanne. Mhasibu akiiona anasoma saa 5 usiku wa Jumanne, kisha anaanza kutafuta mauzo ya usiku ambayo kumbe yamo. Kwa hiyo geuza saa kabla ya kutuma, na andika "usiku wa kuamkia Jumatano", maneno ambayo kila mtu anayaelewa bila kupiga hesabu. Na muhimu kuliko saa ya usawazishaji ni saa ya risiti ya mwisho ya kila kituo. Mtandao wa Morogoro ukikatika saa 9:40 alasiri, usawazishaji wa saa 8 usiku utapita salama salimini, na tangi la dizeli litaonekana na lita 11,400 zilizokuwepo alasiri. Mwagizaji akiamini namba hiyo, lori litachelewa na pampu zitakauka.

Hapa ndipo hoja ya SQL iliyoandikwa haraka haraka inapomponza mtu. Ukihesabu risiti moja kwa moja kutoka jedwali la mauzo, kituo ambacho hakikuleta kitu hakitaonyesha sifuri. Kitatoweka kabisa kwenye matokeo. Anzia kwenye orodha ya vituo:

```sql
SELECT v.jina, MAX(m.muda), COUNT(m.id), SUM(m.kiasi)
FROM vituo v
LEFT JOIN mauzo m
  ON m.kituo_id = v.id AND m.siku = :jana
GROUP BY v.jina;
```

Sharti la siku libaki kwenye ON. Ukilihamishia WHERE, kituo kilichokosekana kinatoweka tena. Na iwe COUNT(m.id), kwa sababu COUNT(*) itakupa 1 pale ambapo hakuna risiti hata moja.

Ujumbe wenyewe basi uwe hivi:

"Mauzo ya Jumanne: vituo 13 kati ya 14 vimekamilika hadi saa 6 usiku. Morogoro imeishia saa 9:40 alasiri; usifunge hesabu zake, na kabla ya kuagiza mafuta piga simu kituoni walipime tangi. Mauzo 3 ya mkopo, TSh 1,860,000, yamekataliwa kwa kuwa akaunti za wateja hazimo kwenye mfumo mkuu. Dawati la mikopo linazifungua. Taarifa nyingine saa 4 asubuhi."

Umetosha. Majina ya majedwali, namba za makosa na jumla ya mistari vibaki kwa mafundi. Majina na simu za wateja hao watatu visiwemo kabisa: ujumbe huu utasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla chai haijapoa. Na usiambatishe faili la Excel, maana saa 4 utakaporekebisha Morogoro, nakala ya asubuhi itaendelea kuzunguka ikibishana na mfumo.

Ujumbe usitumwe na kazi ileile ya usawazishaji. Ikifa, itakufa na ujumbe wake, na kimya kitasomwa kama salama. Weka kazi nyingine, ya saa 12:30 asubuhi, inayokagua data yenyewe na kutuma hata kama jibu ni "bado haijamaliza".

Nisilo na uhakika nalo ni siku njema. Ukituma "vituo vyote 14 vimekamilika" kila asubuhi kwa miezi mitatu, watu wanaacha kufungua, na siku ya Morogoro inawapita. Usipotuma, hawawezi kutofautisha heri na hitilafu. Mimi hutuma, ila hali naiweka kwenye kichwa cha barua: "14/14" au "13/14, MOROGORO HAIJAKAMILIKA". Wapo ambao hata hicho hawakisomi, na dawa yao sijaipata zaidi ya kuwapigia simu.