Ubongo wa kulia, ubongo wa kushoto

“Eti mi ni mtu wa ubongo wa kulia, ndo maana hesabu zinanishinda?”

Hapana bwana. Hiyo stori ya kulia ubunifu, kushoto hesabu ilianzia kwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa ule mkanda wa neva unaounganisha pande mbili za ubongo, wako haujakatwa, pande zako zinaongea muda wote. Watafiti wa ubongo Gazzaniga na LeDoux walimuonyesha mmoja wao picha mbili kwa mpigo, ubongo wa kushoto ukaona mguu wa kuku, wa kulia theluji, wakamwambia achague picha zinazoendana nazo, mkono wa kulia, unaoongozwa na ubongo wa kushoto, ukachagua kuku, mkono wa kushoto, unaoongozwa na ubongo wa kulia, ukachagua beleshi. Beleshi la nini? Akajibu fasta, la kusafishia banda la kuku! Upande wa kushoto ndo ulokuwa unaongea, theluji haukuiona, ukajitungia sababu (ubunifu huo, tena kushoto). Vipaji vya mtu havikupimwa hapo.