Faili Linacheza Vizuri Kwenye Laptopu Yangu, Tatizo Liko Wapi?

Tuchukue filamu moja ya hali halisi: dakika 52, imepigwa Bagamoyo kwa fremu 25 kwa sekunde, HD ya 1920 kwa 1080. Kituo cha televisheni kinaitaka, na tamasha nalo linataka kuionyesha ukumbini. Mhariri anatoa faili moja la H.264, mbano wa kawaida wa video za kutazama, analituma kote kuwili, anakwenda kulala. Nyuma ya hatua hiyo kuna dhana nne potofu.

Dhana: H.264 yenye biti nyingi inatosha kuwa masta, yaani faili mama la filamu.

H.264 hupunguza uzito kwa kuhifadhi fremu chache nzima na kwa nyingine kuandika tu kilichobadilika. Kwa kutazama, inafaa kabisa. Lakini kituo kitalibana faili hilo tena kabla ya kurusha, na kila mbano hula picha. Dalili huonekana mapema kwenye anga la jioni na kwenye giza: rangi hukatika mistari mistari, au kivuli hugeuka viboksi.

Masta ambayo vituo vingi huikubali ni ProRes 422 HQ, mbano mwepesi unaohifadhi kila fremu nzima. Kwa fremu 25 inatumia takriban megabiti 184 kwa sekunde, kwa hiyo dakika zetu 52 zitakuwa kama gigabaiti 72. Ndiyo, ni nzito. Wapo wanaotoa H.264 kwanza kisha kuigeuza ProRes ili jina la faili liridhishe. Unga haurudi kuwa punje: itoe ProRes moja kwa moja kutoka kwenye mradi wa uhariri. Na kama filamu ina manukuu, toa nakala moja isiyo na maandishi juu ya picha, pamoja na faili la SRT lenye manukuu hayo pembeni.

Dhana: Kipimo cha sauti kisipogusa nyekundu, sauti iko sawa.

Kile kipimo kinachorukaruka huonyesha vilele tu. Kituo hupima ukubwa wa sauti wa filamu nzima kwa wastani, kwa kizio kiitwacho LUFS. Mwongozo wa Ulaya, EBU R128, unataka -23 LUFS, na kilele halisi cha sauti, kinachopimwa kwa dBTP, kisipite -1. Marekani hutumia -24. Soma karatasi ya masharti ya kituo chenyewe, kisha pima kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i filamu.mov -af ebur128=peak=true -f null -
```

Mwishoni, tazama mstari wa `I:`. Tuseme umesomeka -16. Ukishusha sauti yote kwa desibeli 7, namba itakuwa -23, na kituo kitaipokea. Ila sikiliza tena: ngoma za mwanzoni zilikuwa kubwa mno, ndizo zilizopandisha wastani, na sasa bibi anayesimulia kwa sauti ya chini amezama. Namba imepita lakini filamu imeumia. Rudi kwenye mchanganyo wa sauti, shusha ngoma peke yake, acha maneno ya bibi, kisha pima upya.

Dhana: DCP ni faili lile lile lililobadilishwa jina.

Hapa ndipo wengi huumbuka, na huwa mbele ya watu. DCP, umbo ambalo kumbi za sinema hulitumia kuonyesha filamu, ni folda yenye mafaili kadhaa: kila fremu imehifadhiwa peke yake kwa JPEG 2000, rangi zimehamishiwa mfumo wa XYZ, na mwendo wake wa asili ni fremu 24. Kumbi nyingi leo hucheza 25 pia, lakini si zote, kwa hiyo 24 ndiyo salama ukituma usikokujua.

Kutoka 25 kwenda 24 kuna njia mbili, moja mbaya. Ukibadilisha namba tu kwenye dirisha la kutolea faili, programu hutupa fremu moja kila sekunde. Tazama mahali kamera inapozunguka polepole, kwa mfano ikifuata jahazi: utaona picha inashtuka mara moja kila sekunde, kama mtu mwenye kwikwi. Njia nzuri ni kupunguza mwendo wa filamu nzima, kila fremu ibaki. Dakika 52 zitakuwa 54 na sekunde 10, na sauti itashuka chini ya nusu toni isipokuwa ukiirekebisha. Urefu huo mpya ndio uandike kwenye fomu ya tamasha. DCP-o-matic, programu ya bure, huifanya kazi hii. Chagua 24 mwenyewe.

Dhana: Nimeshalitazama kabla ya kulinakili, inatosha.

Nakala huharibika njiani, hasa kwenye diski ya zamani. Chukua alama ya MD5, mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima, ya masta kabla ya kunakili na ya nakala baada yake. Herufi moja ikitofautiana, nakili upya. Kisha keti utazame nakala yenyewe dakika zote 52 bila kurukisha, ukiwa na hedifoni. Fremu moja nyeusi kati ya picha mbili haionekani kwa mtu anayevutavuta kishale.