Jinsi 17 inavyorudi kuwa 8: oda ya namba na ufunguo wa umma

Mwanafunzi anayeona mfano mdogo wa RSA, mfumo wa kusimba ujumbe kwa ufunguo wa umma, kwa mara ya kwanza huuliza: namba imepandishwa kwenye kipeo mara mbili, imewezaje kurudi ilikotoka? Jibu ni oda.

Tuchukue n = 55, yaani 5 × 11, na kila jibu tulibadilishe kwa baki lake likigawanywa kwa 55. Tutangaze kipeo cha umma, e = 3. Ujumbe ni 8. Anayetuma anapiga 8³ = 512, anagawanya kwa 55, anabaki na 17. Hiyo 17 ndiyo inayosafiri.

Mpokeaji ana kipeo cha siri, d = 7. Hana haja ya kuzidisha 17 mara saba, maana 7 ni 4 + 2 + 1. Anakokotoa vipeo vya mbili tu:

17² = 289, baki 14
17⁴ = 14² = 196, baki 31

Kisha 31 × 14 = 434, baki 49; na 49 × 17 = 833, baki 8. Ujumbe umerudi.

Kwa jumla tumepata 8²¹, kwa kuwa 3 × 7 = 21. Oda ya namba ni kipeo chanya kidogo kabisa kinachoifanya iwe 1, na oda ya 8 hapa ni 20. Kwa hiyo 8²⁰ ni 1, kinachobaki ni 8 yenyewe. Hili si bahati ya 8. Kwa 5, oda za namba zisizogawanyika kwa 5 hugawa 4. Kwa 11, hugawa 10. Na kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 10 ni 20. Wengi hutumia 4 × 10 = 40 na kupata d = 27. Nayo inafanya kazi, ila ni kubwa bila sababu.

Kosa la kawaida ni kuchagua e = 5. Oda ya 16 ni 5, basi 16⁵ ni 1, na 1⁵ pia ni 1. Ujumbe mbili zimegeuka kuwa moja, na hakuna d itakayozitenganisha. Dalili yake: 5 na 20 zina kigawo cha pamoja kinachozidi 1.

Anayetaka kuivunja anahitaji ile 20, na kuipata kwa 55 ni mchezo. Kwa n ya biti 2048, yenye tarakimu zipatazo 617, kuzipata namba tasa mbili zinazoizaa ndiyo kazi ambayo haijulikani njia ya kuimaliza kwa muda unaofaa kwa kompyuta za kawaida.

Sasa jaribu kusimba 34. Oda yake ni 2, kwa hiyo 34³ ni 34: ujumbe unatoka kama ulivyoingia! Ukihesabu pamoja na 0, namba za aina hii hapa ni tisa: 0, 1, 10, 11, 21, 34, 44, 45 na 54. Kwa namba tasa mbili zisizo 2, e yoyote halali huacha angalau tisa. Ndani ya 55, karibu moja katika kila sita.