Hisa stahiki, hisa za bonasi, na swali la akiba

Mwaka 2015 Benki ya CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja. Aliyekuwa na hisa tano alipewa haki ya kununua moja. Hizo ndizo hisa stahiki: kampuni inatafuta mtaji, inaanza na wenyewe, na bei inawekwa chini ya ile ya sokoni ili wavutiwe. Zilitolewa hisa zipatazo milioni 435.3, zikaleta takriban shilingi bilioni 152.4.

Mtihani hupenda kuuliza hivi: baada ya hapo, hisa moja inapaswa kuwa na bei gani? Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme sokoni ilikuwa shilingi 440. Hisa tano za zamani zina thamani ya 2,200. Ongeza 350 za hisa mpya, unapata 2,550. Sasa hisa ni sita, kwa hiyo kila moja ni 425. Hiyo ndiyo bei ya kinadharia baada ya haki, na si kitu kingine ila wastani wa hisa za zamani na mpya kwa uzito wa idadi yake. Jibu lazima liangukie kati ya 350 na 440. Likitoka nje ya hapo, huenda umegawanya kwa tano badala ya sita.

Je, mwanahisa amepoteza kwa bei kushuka kutoka 440 hadi 425? Mchukue mwenye hisa 500, zenye thamani ya 220,000. Akinunua hisa 100 kwa 35,000, anabaki na hisa 600 za shilingi 425, yaani 255,000: mali yake ya mwanzo pamoja na fedha aliyoingiza. Akiamua kuuza haki zake, na soko likiruhusu, kila haki ina thamani ya 425 kutoa 350, yaani 75. Anapata 7,500, na hisa zake 500 sasa ni 212,500. Jumla ni 220,000 ileile. Anayeumia ni yule anayeiacha barua ya haki ilale mpaka tarehe ipite bila kulipwa chochote. Huyo amepoteza 7,500, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo kila mwanahisa mdogo angepaswa kuelezwa kabla ya fomula yoyote.

Tugeukie vitabu. Thamani iliyoandikwa ya hisa ya CRDB ni shilingi 25. Katika kila 350 zilizolipwa, 25 zinaingia kwenye mtaji wa hisa na 325 kwenye akiba ya ziada ya bei ya hisa. Kwa hisa zote, mtaji unapanda takriban bilioni 10.9 na akiba hiyo bilioni 141.5, kabla ya kutoa gharama za uuzaji. Faida limbikizi haiguswi. Bei ya sokoni, iwe 440 au 425, haina nafasi kabisa katika maingizo haya.

Hisa za bonasi ni habari nyingine, kwa sababu hakuna anayelipa. Tuseme swali linaendelea: baada ya hapo kampuni inatoa bonasi ya hisa moja kwa kila nne. Hisa nne za 425 ni 1,700. Gawanya kwa tano, unapata 340. Vitabuni, hisa zote sasa ni milioni 435.3 mara sita, na robo yake, yaani hisa mpya, ni kama milioni 653. Zizidishe kwa 25: bilioni 16.3 zinatoka kwenye akiba na kuingia kwenye mtaji wa hisa. Jumla ya mali ya wanahisa haibadiliki hata senti.

Zitoke akiba ipi? Swali likisema kampuni inataka kulinda uwezo wake wa kulipa gawio, anza na ziada ya bei ya hisa, kwani hiyo haigawiwi kama gawio. Faida limbikizi iguswe mwisho. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuhamisha bonasi kwa bei ya sokoni. Hapa ingekuwa bilioni 222, zaidi ya ziada yote iliyoletwa na hisa stahiki. Akiba ikienda hasi, rudi kwenye hatua hiyo.

Angalia pia mpangilio wa matukio. Bonasi ikitangulia, bei inashuka kwanza hadi 352, na haki zinahesabiwa juu ya hisa zilizokwisha kuongezeka. Hisa stahiki zinakuwa kama milioni 544 badala ya 435, fedha inayoingia inafika takriban bilioni 190, na bei ya mwisho ni 351.67, si 340. Tarehe zilizo kwenye swali ndizo zinazoamua kipi kihesabiwe kwanza.