Udongo wa mtaro hupimwa shimoni, si kwenye lundo

Msimu wa kuchimba mitaro ya maji ya mvua hapa Lindi huja na malalamiko yaleyale: kikundi kimechimba, ofisi "imekata" kyubiki, yaani meta za ujazo za kulipwa. Tuseme wazi, mara nyingi hakuna kilichokatwa. Vipimo vilichukuliwa mahali pasipostahili.

Chukua mtaro wa meta 120. Juu una upana wa meta 1.8, chini meta 0.6, kina meta 0.8. Pande zake zimelazwa ili mchanga usiporomoke, kwa hiyo ukiukata kwa ubavu unaona trapeza. Jumlisha upana wa juu na wa chini, gawa kwa mbili, unapata meta 1.2. Zidisha kwa kina, eneo ni meta za mraba 0.96. Zidisha kwa urefu: meta za ujazo 115.2. Hizo ndizo zinazolipwa.

Anayezidisha upana wa juu peke yake anapata 172.8, kana kwamba kuta zimesimama wima. Kosa hili angalau linaonekana haraka. Lililo gumu kugundua ni la futi kamba kulazwa juu ya mteremko wa ukuta. Katika mtaro huu ukuta una urefu wa meta 1.0 kamili, na mtu akiuita kina, hesabu inapanda hadi 144. Kina kinashuka wima: vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, hakikisha umelala sawa kwa pima maji, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi sakafu ya mtaro.

Halafu kuna hoja ya lori, kwamba malipo yafuate udongo uliobebwa na malori, ambayo tumeijibu mara nyingi mno. Udongo ukichimbwa hulegea na kuvimba. Wa mfinyanzi unaweza kuongezeka kwa karibu asilimia 30, mchanga kwa kiasi kidogo zaidi. Zile 115.2 zinaweza kujaza malori kwa karibu meta za ujazo 150, na hakuna jembe la ziada lililopigwa. Idadi ya tripu inamhusu mwenye lori.

Mtaro usiolingana kina hupimwa kipande kwa kipande. Sisi tunapima kila baada ya meta 20, na penye badiliko la ghafla tunaongeza kipimo. Vipimo vinaandikwa kwenye fomu mbele ya msimamizi na mwakilishi wa kikundi, wote wawili wanasaini, nakala moja inabaki kwa kikundi. Uchimbaji uliozidi mchoro bila maelekezo ya maandishi haulipwi, na sakafu iliyozidishwa kina hujazwa na kushindiliwa kwa gharama ya mchimbaji. Asiyekubaliana na fomu asisaini. Aombe vipimo virudiwe kabla mawe hayajapangwa, kwa sababu yakishapangwa ukuta wa udongo hauonekani tena wala hauwezi kupimwa.